Shazam haiujui wimbo? Irudishe spidi yake kwanza, nimeijaribu Audacity

Asalam aleykum jamaa, karibuni tena, leo nipo barazani maana ndani joto halikaliki, mkisikia vespa zinapita nistahimilieni. Wiki mbili hizi inbox yangu ina swali moja tu, ile klipu ya jua linachwa Nungwi na majahazi yanarudi, ule wimbo unaovuta vuta na mwangwi wake kama unaimbwa ndani ya tangi la maji, unaitwaje? Kila mtu kaiweka, ya Nungwi, ya Forodhani, hata mtu na urojo wake kaupachika wimbo huohuo. Na kwenye komenti watu wanagombana, huyu anasema ni mzee fulani wa zamani, yule anasema ni mwarabu anaimba kiswahili.

Sasa mie nimeupata. Jina hilo hapo kwenye skrini mnaliona, na mwenye sauti si mzee, ni mwanamke. N'takwambieni nimefikaje, na leo bidhaa tunayoichambua ni Audacity, programu ya bure ya kompyuta ya kukata na kuhariri sauti, ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux.

Lakini kwanza kabla hujawasha laptopu, bonyeza kile kidisk cha sauti kwenye TikTok. Hata kama jina la sauti ni la mtu tu aliyepachika, mara nyengine pale chini inakuandikia ina muziki wa nani ndani yake. Mie hii haikuniandikia kitu, basi nkaendelea.

Nkafanya kama mnavyofanya nyote, nkaiwekea Shazam, ile programu ya simu inayosikiliza wimbo ikakupa jina lake. Kimya. Mara ya pili, kimya. Na hapa watu wengi wanasema ah basi hii programu haijui nyimbo za kwetu, hapana yakhe, mwisikize kwanza inavyofanya kazi. Shazam haisikii maneno wala haisikii melodi kama wewe na mimi. Inauchora wimbo kama ramani, inatafuta zile nukta za sauti zilizo kali kuliko wenzake, halafu inapima nukta hii na ile zimeachana vipi, kwa kupanda na kushuka kwa sauti na kwa muda. Ndo alama ya kidole ya wimbo hiyo, mwenyewe Avery Wang aliyeibuni aliieleza kwenye makala yake ya mwaka 2003. Sasa kelele za sokoni au mwangwi haziisumbui sana, maana nukta zile kali nyingi zinabaki pale pale. Ila mtu akiuvuta wimbo, yaani akiupunguza spidi, kila nukta inashuka na kila nafasi inatanuka, ramani yote imekuwa nyengine. Kwa hiyo tatizo letu si riveb, yaani ule mwangwi, ni spidi. Riveb iache, huwezi kuitoa vizuri na wala huihitaji kuitoa.

Basi akili ya kwanza inayokuja ni hii: ntautafuta ule ulioandikwa "Slowed + Reverb" YouTube, n'bonyeze spidi 1.25, Shazam isikilize. Nimefanya. Haikutoka, na ukisikiliza vizuri utajua kwa nini, wimbo umeenda mbio lakini sauti ya mwimbaji bado nzito vilevile. Kile kitufe cha spidi cha YouTube kimetengenezwa kwa watu wanaosikiliza mawaidha na masomo, kinakimbiza maneno lakini kinaishikilia sauti isipande, la sivyo sheikh angesikika kama katuni. Kwetu sisi hicho ndo kinachotuharibia, maana aliyeuvuta wimbo aliivuta spidi na sauti pamoja, na kuurudisha lazima urudishe vyote viwili pamoja.

Hapo ndo Audacity inapoingia. Kuingiza sauti ndani yake kuna usumbufu kidogo, ukiiburutia video ya simu ya MP4 inaweza kukukatalia mpaka uwe na kitu kinaitwa FFmpeg, mie sikutaka kuhangaika. Kwenye Windows nimebonyeza Audio Setup, kwenye Host nkachagua Windows WASAPI, na kwenye kifaa cha kurekodi nkachagua spika ile iliyoandikwa (loopback). Maana yake inarekodi kile kinachotoka kwenye kompyuta yenyewe, si kwa maiki, kwa hiyo hata muuza madafu akipita anapiga kelele haingii. Nkaplei video, nkarekodi sekunde 40, basi.

Sasa rudisha spidi, lakini kwa kiasi gani? Wanaotengeneza hizi hawapimi kwa mizani, wanachagua namba ya kirahisi. Za kuvuta utakuta 0.8, 0.85 au 0.9. Za kukimbiza 1.2, 1.25, 1.3. Kwa hiyo huna mengi ya kujaribu. Mie nilikisia hii imevutwa kwa asilimia 20, yaani 0.8, na hapa nkafanya kosa ambalo najua na nyie mtalifanya, nkaongeza asilimia 20. Haikutoka!

Fikiria samaki. Fungu la elfu kumi, muuzaji kakupunguzia asilimia 20, limekuwa elfu nane. Kesho anataka kulirudisha bei yake, ataongeza elfu mbili, na elfu mbili kwenye elfu nane si asilimia 20, ni asilimia 25. Wimbo ni hivyohivyo. Mie nilipoongeza 20 wimbo ukabaki chini kwa asilimia 4, sikio langu liliridhika kabisa, nikaona sawa huu, kumbe bado. Kanuni ni moja tu, chukua 1 gawa kwa ile spidi waliyotumia:

```
0.8  -> 1.25
0.85 -> 1.176
0.9  -> 1.111
1.2  -> 0.833
1.25 -> 0.8
1.3  -> 0.769
```

Chagua sauti yote, nenda Effect, halafu Pitch and Tempo, halafu Change Speed and Pitch, kwenye matoleo ya zamani imeandikwa Change Speed tu. Pale kwenye Speed Multiplier andika 1.25, bonyeza Apply. Usichanganye na ile Change Tempo wala Change Pitch zilizo hapohapo, kila moja inagusa kitu kimoja tu, sisi tunataka vyote.

Aaa jamaa, sauti ilipotoka nilicheka peke yangu. Yule mzee wa komenti kageuka mwanamke, sauti laini kabisa. Maana kwenye 0.8 sauti inashuka karibu vitufe vinne vya kinanda ukihesabu vyeupe na vyeusi, hiyo inatosha kumfanya bi harusi asikike kama baba yake. Bi mkubwa wangu alikuwa ukumbini anapepeta mchele, akasema tu "kumbe ni mwanamke huyo, mbona mwanzo mlikuwa mnamtesa." Nkaweka simu karibu na spika ya laptopu, Shazam ikasikiliza, na jina likaja.

Kama hutaki kukisia namba moja moja ipo njia ya uvivu, nenda View, Toolbars, weka Play-at-Speed Toolbar, kinatokea kidude cha kuburuta. Hicho nacho kinapandisha spidi na sauti pamoja, kwa hiyo unaplei huku unaburuta polepole na sikio linakwambia pale mwimbaji anapokuwa mtu wa kawaida. Skiza hasa pumzi anayovuta kabla ya mstari, na herufi s. Pumzi ya mtu ikiwa imevutwa inasikika kama upepo wa kusi. Ukishaona umekaribia, rudi kwenye zile namba sita.

Sasa, jina likitoka usilibebe tu ukaenda kujigamba. Nyimbo za kuvuta na za kukimbiza siku hizi zinatolewa rasmi pia, unaweza kupata jina la toleo lililovutwa na akaunti ya mtu asiyehusika. Mie nimehakikisha kwa njia mbili. Ya kwanza makofi, kwenye klipu nilipiga makofi kufuata ngoma nkahesabu 18 kwa sekunde 15, mara 4 ni 72 kwa dakika, zidisha kwa 1.25 unapata 90. Nkaupiga makofi wimbo halisi, 90. Ya pili urefu, lile toleo la YouTube lina dakika 4 na sekunde 38, sekunde tatu za mwisho ni mwangwi mtupu hauhesabiki, zinabaki sekunde 275. Mara 0.8 ni 220, yaani dakika 3 na sekunde 40. Wimbo halisi una dakika 3 na sekunde 40. Hapo sina ubishi na mtu.

Najua mtauliza, sina laptopu je? Audacity kwenye simu haipo, hilo ndo tatizo lake kubwa kwetu sisi, nusu yenu mnaniangalia kwa simu. Kwa simu jaribu ile ya Google ya kuimba, bonyeza maiki, chagua kutafuta wimbo, halafu wewe mwenyewe vumisha kwa mdomo sekunde 10 hadi 15. Ile inafuata melodi, inapanda wapi inashuka wapi, haijali umeanza sauti ya juu au ya chini wala unaenda pole. Usiiwekee klipu, imba wewe. Kwa wimbo wenye melodi ya wazi inatoka vizuri, kwa wimbo wa kuongea ongea kama wa kurap usijisumbue.

Alama zangu Audacity naipa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa sababu ya simu na ule usumbufu wa FFmpeg.

Imebaki klipu moja, ile mliyonitumia ya ngoma za mbio mbio, watoto wa skuli wanacheza. Nimejaribu 0.833, 0.8, 0.769, hakuna. Nkaisikiliza tena usiku na earphone, nkagundua sauti ya mwimbaji ni ya kawaida kabisa ila ngoma ndo inakimbia, kwa hiyo huyu aliyeitengeneza kakimbiza bila kupandisha sauti, na mie kila nikiirudisha namfanya mwimbaji zimwi. Hiyo sasa ndo kazi ya Change Tempo, pale kwenye Percent Change nimeandika -20, melodi imekaa sawa, lakini Shazam bado haina jibu, na mie kwa sikio langu ile ni kidumbak ya harusini imerekodiwa kwa simu, haijawahi kuingizwa popote. Kama imo basi itakuwa kichwani mwa mtu aliyekuwepo. Nimeiweka toleo lililorudishwa hapo mwisho wa video, nyie wa Makunduchi na wa Wete mwiskize, anayemjua mpiga sanduku huyo aandike chini.