Nimepimisha dawa ya nyanya isiyo na lebo Arusha: vilele pacha vilivyodhaniwa bromini

Mwezi uliopita nilipeleka chupa ya dawa kwenye maabara moja ya binafsi hapa Arusha, wanaopima kwa mashine ya GC-MS, inayotenganisha kemikali na kupima uzito wa molekuli na vipande vyake. Huduma yao ni nzuri na nitarudi tena, ila ripoti ya kwanza ilikuwa na kosa, na nataka mnaopeleka sampuli zenu mlijue.

Dawa yenyewe ni ya mama mmoja ninayemshauri, analima nyanya Ngarenanyuki. Aliuziwa ikiwa imemiminwa kwenye chupa ya maji, akaambiwa ni profenofosi, dawa ya kuua wadudu. Mimi niliitilia shaka harufu yake. Nilichukua kifurushi cha bei ya chini, ambacho hakina ulinganisho na kemikali zilizo kwenye maktaba ya mashine, lakini niliomba wanichapishie spektra nzima, yaani mchoro wa vilele vya kila uzito uliopimwa. Wakakubali bila kinyongo, na hapo ndipo ninapowasifu zaidi.

Siku ya tatu ripoti ikatoka: "Kampaundi yenye atomi moja ya bromini, haijatambuliwa." Sababu waliyoandika ni kwamba ayoni ya molekuli, yaani molekuli nzima kabla haijavunjika, ina vilele viwili vinavyolingana, kwenye uzito wa 349 na 351.

Ukiangalia haraka, utakubaliana nao. Bromini ya asili ni mchanganyiko wa isotopu mbili, yaani atomi zake za uzito tofauti, 79 na 81, karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo atomi moja ya bromini hutoa vilele viwili pacha vilivyoachana kwa namba mbili. Klorini nayo ina 35 na 37, lakini ile nyepesi ni kama robo tatu ya zote, hivyo atomi moja hutoa kilele kirefu na kingine cha theluthi yake. Wengi tumekariri hivyo na kuishia hapo.

Mimi nilichukua rula. Kilele cha 349 kilikuwa na milimita 42, cha 351 milimita 43. Lakini pembeni yake palikuwa na 353 chenye milimita 15, na baada yake kijiti kidogo kwenye 355. Bromini moja haiwezi kuacha kilele cha milimita 15 pale. Klorini tatu zinaweza. Molekuli ikiwa na klorini tatu, ile nzito inaweza kukaa nafasi yoyote kati ya tatu, na kila nafasi uwezekano wake ni theluthi moja ukilinganisha na ile nyepesi. Theluthi mara tatu ni moja kamili, ndiyo maana kilele cha pili kinalingana na cha kwanza. Mpangilio wote huwa 27 kwa 27 kwa 9 kwa 1. Kilele cha tatu changu kilizidi theluthi kidogo kwa sababu ya sulfuri, ambayo nayo ina isotopu nzito.

Kwa uhakika nilitazama 314, yaani 349 ikiwa imepoteza klorini moja ya 35. Kama zilikuwa tatu, zibaki mbili, na mbili hutoa 9 kwa 6 kwa 1. Rula ikanipa milimita 60 kwa 314, 42 kwa 316, na 8 kwa 318. Hapo sikuwa na shaka: klorini tatu, uzito 349, namba witiri inayodai idadi witiri ya naitrojeni. Hiyo ni klorpirifosi, dawa nyingine ya wadudu, C9H11Cl3NO3PS.

Nilirudi na karatasi yangu. Dada aliyepima akanisikiliza, kisha akauliza swali zuri: je, kama sampuli ilikuwa nzito mno, vilele virefu vikakatwa juu na kuonekana sawa? Hilo hutokea kweli, hata 3 kwa 1 ya klorini moja huweza kufanana na bromini. Akaizimua mara kumi, akapima tena. Vilele vikashuka vyote, uwiano ukabaki uleule.

Kisha nikaomba, kwa malipo ya ziada, wapime profenofosi halisi niliyonunua ikiwa na lakiri. Ina bromini moja na klorini moja, na ayoni yake ilikaa 372, 374 na 376 kwa takriban 3 kwa 4 kwa 1, kilele cha kati kikiwa ndicho kirefu. Ikipoteza klorini hubaki 337 na 339, pacha, na kwenye 341 hakuna cha maana. Pacha wa bromini hao, wala si wale wa chupa ya mama.

Ripoti mpya ilitoka siku mbili baadaye bila malipo. Ukienda, waambie mapema usipimiwe kwa ayoni chache zilizochaguliwa, maana njia hiyo ni nzuri kwa kutafuta kiasi cha dawa inayojulikana, lakini 353 usingeiona kabisa.