TAHADHARI: huyu fundi wa stendi za tenki msimpe kazi, mimi ameshanimaliza

Jamani naandika hapa mikono bado inatetemeka kwa hasira na aibu juu yake, maana mimi ndo nilikuwa nawacheka wenzangu wanaoibiwa na mafundi. Wale mnaojua ilivyokuwa mpaka nikapata hilo tenki nadhani mnaelewa kwanini sijalala siku ya tatu leo. Tenki la lita 3000, jipya, limepasuka pembeni kama tikiti, na stendi imelala uani imekunja miguu.

Ngoja niwaeleze alivyoniingiza mjini maana ndo kinachoniuma kuliko hata tenki lenyewe. Siku ya kwanza alikuja na vijana wake wawili, wakachimba mashimo manne, wakasimamisha miguu, wakamwaga zege. Siku ya pili asubuhi wakamalizia juu, wakapandisha tenki. Mimi nikamuuliza kabisa, fundi, hili zege si la jana tu? Akacheka, akaniambia dada yangu saruji ya siku hizi inakauka haraka, njoo uguse mwenyewe. Nikainama nikagusa, gumu kweli kama jiwe, nikaona aibu kwa kumuuliza mtu wa kazi maswali ya kitoto. Kumbe ugumu wa juu si nguvu, zege la kubeba mzigo unalimwagilia maji na kulisubiri angalau siku 7, na nguvu yake kamili linaifikia kwenye siku 28 huko. Lile langu halikuwa na hata siku 2.

Halafu akatoa pima maji, akaiweka juu ya chuma cha jukwaa, akaniita niangalie. Kipovu kimetulia katikati kabisa, hakitikisiki. Akaniambia "piga picha umtumie shemeji", maana shemeji ndo alikuwa anasema tumtafute mwingine, na mimi kwa kiherehere changu nikapiga nikamtumia na maneno ya kumkoga juu.

Sasa sikilizeni kilichonimaliza. Nikamwambia hii miguu mbona naiona myembamba. Hakujibu. Akapanda juu, akawaita na vijana wake, wote watatu wakaanza kurukaruka pale juu kama wako ngomani huku tenki tupu liko pembeni yao, stendi haikulia hata kidogo. Akanipigia kelele toka juu, umeona dada, hii inabeba hata gari! Majirani wanaangalia, mimi nimesimama nacheka, nikaenda ndani nikamletea hela yake yote iliyobaki. YOTE. Na soda juu.

Niambieni nyie, mngekuwa mimi msingeamini? Watu watatu wanaruka! Ila hesabu yenyewe ni ya darasa la nne na sikuifanya. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo lita 3000 ni tani 3, bado tenki lenyewe. Wale watatu hata ukiwapima na viatu hawafiki kilo 250. Alikuwa ananionyesha uzito usiofika hata sehemu moja ya kumi ya mzigo, mimi napiga makofi.

Jioni nikafungulia maji yajae yote kwa mkupuo. Usiku kwenye saa tatu hivi nikasikia chuma kinalia kama mlango mbovu, kiiiii, kinanyamaza, kinalia tena. Nikatoka na tochi, nikaona tenki limeinama kuelekea upande wa ukuta, nikasema labda macho. Namshukuru Mungu nilirudi ndani kuita watu, sikusogea chini yake, maana sijafika hata mlangoni nikasikia kishindo na maji yakaingia mpaka sebuleni. Hapo chini mchana watoto walikuwa wanacheza. Nikifikiria hilo naishiwa nguvu.

Simu yake? Kwanza ilipokelewa, akasema nimejaza maji vibaya. Nimejaza maji vibaya!! Tenki linajazwa nini, pumba? Baada ya hapo akaniblok.

Asubuhi shemeji akaja, hakunisema, akaanza kufukua tu. Mguu wa upande wa ukuta ulikuwa umezama karibu kiganja kizima. Pale zamani palikuwa na shimo la taka tulilolifukia, na fundi nilimwambia, akasema hamna shida. Kachimba futi moja tu, kamwaga zege kwenye udongo wa kujazia ambao hata jembe linaingia lenyewe. Ilitakiwa ashuke mpaka akute udongo mgumu ambao haujawahi kuchimbwa, aweke kitako kipana cha zege, mguu ukalie pleti. Maana kila mguu unabeba robo ya hizo tani 3, yaani kilo 750 na zaidi, na mmoja ukizama kidogo tu mzigo wake unahamia kwa wenzake.

Na wenzake wenyewe ndo hao. Skwea paipu za milimita 1.5, shemeji alipima pale zilipochanika, nilikuwa nimelipia skwea paipu za chuma nzito. Rangi ilifunika kila kitu na ncha zote kaziziba kwa welding, usingejua. Halafu hakuna chuma hata kimoja cha mshazari kati ya mguu na mguu, zile X mnazoziona kwenye stendi za watu. Nilimuuliza pia, akasema zinaharibu muonekano, na mimi, ndo mnicheke sasa, nikakubali maana nilitaka stendi ya kupendeza. Mguu mrefu mwembamba usio na X hausagiki kwa uzito, unajikunja kwa pembeni kama goti, na ukianza hausimami.

Pima maji yake aliisahau kwa haraka ya kuondoka. Shemeji akaiweka mezani, kipovu katikati. Akaigeuza, kichwa kikawa mkiani, palepale bila kusogeza meza, kipovu kikakimbilia pembeni kabisa. Pima maji nzima ukiigeuza inasema vilevile. Kwa hiyo ile picha niliyojitapa nayo ilikuwa uongo, jukwaa lilikuwa limelala toka tenki likiwa tupu, na lililalia upande uleule wa shimo la taka. Na alipima upande mmoja tu, hakupima kukatiza.

Huyu mtu anatakiwa ashikwe, alipe tenki, alipe ukuta, halafu afungwe, na hao vijana wake waulizwe walijua nini. Polisi nimeshaenda. Msiniambie nimsamehe, angeua mtu huyu, akaage huko huko ndani kwanza.

Haya, wale mnaouliza mngemjuaje: hataki useme habari ya kusubiri zege, anataka hela kabla maji hayajaingia, anaruka. Lipeni nusu, jazeni robo, mlale, muangalie miguu na mpime tena, ndo muongeze. Mwambie akuonyeshe chuma kabla ya rangi. Mengine nimesahau, kichwa kinauma.

Jina siandiki hapa. Ila ukiona fundi picha yake ya profaili ni stendi ya rangi ya bluu na tenki jeusi juu, inang'aa, ni yangu hiyo, aliipiga mchana ule kabla maji hayajaingia na mpaka leo hajaitoa.