TAHADHARI: Toazi la "Zildjian inchi 18" linalouzwa Dodoma, limekatwa kwa grainda

Wapiga dramu na walimu wa kwaya wa Dodoma, Singida na Kondoa, someni hii kabla hamjatoa hela ya mchango kununua matoazi yaliyokwisha kutumika. Kuna dalali anatembeza vyombo vya muziki kwenye magrupu ya simu na anakutana na wanunuzi maeneo ya Sabasaba. Jina lake siliandiki hapa. Mbinu yake nitaieleza yote, kwa sababu kesho anaweza kuitumia mtu mwingine.

Kwaya yetu ilichanga miezi minne kununua toazi la krashi. Dalali alituma picha ya toazi linalong'aa kama dhahabu, akasema ni Zildjian A ya inchi 18, bei 600,000. Nilipofika nikaona mhuri ule wenyewe: umegandamizwa ndani ya chuma, una maandishi yanayofanana na Kiarabu na jina Zildjian, na ukipitisha kucha unahisi mashimo yake. Nikaridhika. Wino wa juu, ambao ndio unaotaja aina na saizi, haukuwepo kabisa. Nikamuuliza. "Kaka, wino unafutika tu, hii imepigwa miaka. Angalia mhuri, huo haudanganyi." Tukamalizana kwa 480,000.

Kuhusu mhuri alisema kweli, na hapo ndipo aliponishika. Toazi ni la Zildjian halisi. Lakini mhuri unakuambia kiwanda tu, haukuambii toazi limepitia nini. Saizi huwa kwenye wino, imeandikwa hivi: `18"/45cm`. Wino huo huchakaa kwa fimbo na jasho, ndiyo, ila huchakaa kwa mabaka. Huku ikibaki nusu ya herufi, kule kivuli cha namba. Toazi lisilo na hata alama moja ya wino juu na chini, halafu linang'aa kote sawasawa, limesuguliwa kwa dawa ya kung'arishia shaba. Wapo wanaosugua kwa kupenda urembo tu. Mimi sasa nikiona hivyo naanza kwa kutoa futi.

Na futi ndiyo iliyonifungua macho, wiki mbili baadaye, nilipoona ufa mdogo pembeni kama unywele. Niliazima futi ya fundi seremala jirani, nikapima kutoka ukingo hadi ukingo nikipita katikati ya tundu. Sentimita 44.0. Nikageuza robo mzunguko, nikapima tena: 43.6.

Inchi 18 ni sentimita 45.7. Inchi 17, ambayo nayo hutengenezwa, ni 43.2. Matoazi ya zamani yanaweza kupishana milimita chache na saizi iliyoandikwa, lakini yangu ilipungua karibu sentimita mbili, na isitoshe haikuwa duara. Kiwandani ukingo hukatwa toazi likiwa linazunguka kwenye mashine, kwa hiyo hauwezi kutofautiana milimita nne upande na upande. Hiyo ni kazi ya mkono.

Baada ya hapo nililiweka juani nikaliangalia polepole. Toazi lina mifereji myembamba inayozunguka kama ya santuri, na kwenye toazi zima mfereji wa mwisho unakwenda sambamba na ukingo mzunguko wote. Kwangu, upande mmoja mifereji mitatu ilikuwa inakatikia ukingoni, inapotea, kisha inaibuka tena mbele. Ukingo wenyewe ulikuwa mnene na bapa, una mikwaruzo midogo iliyolala kukatisha unene wake, ambayo ni alama ya jiwe la grainda. Ukingo wa kiwandani unapungua unene kadiri unavyotoka nje na ni laini kwa kidole.

Kilichotokea ni hiki. Toazi lilikuwa la inchi 18, likapasuka pembeni. Mtu akalipunguza kuzunguka ili kuondoa ufa, akasugua wino wenye namba 18 usije ukamsuta, akaliuza kama zima. Kukata toazi lililopasuka si kosa, wapiga dramu wengi hufanya hivyo ili liendelee kutumika. Kosa ni kunyamaza. Na hata ukataji haukufanywa vizuri: ncha ya ufa ilibaki ndani, ndiyo ikaendelea kukua kila tulipopiga. Grainda pia huchoma chuma. Ukiona pembeni pana rangi ya zambarau au kahawia, moto ulipita hapo.

Sauti ingeniambia mapema kama ningelipiga ipasavyo. Dalali alilishika ukingoni kwa mkono mmoja akagonga kwa kidole, nami nikakubali, wakati mkono ukingoni unaua mlio wa toazi lolote. Liweke kwenye stendi, au pitisha kamba kwenye tundu lining'inie, kisha piga kwa fimbo ukizunguka kila baada ya kiganja kimoja. Toazi zima linavuma sawa kote na linachukua muda kunyamaza. Langu lilivuma vizuri kwa robo tatu ya mzunguko, halafu likafika sehemu moja likalia kavu, na mtetemo kama wa sinia lenye punje ya mchanga juu. Hapo ndipo penye ufa.

Angalia na tundu la katikati. Likiwa limevutika kama yai, toazi lilipigwa muda mrefu bila kile kipira cha kwenye stendi, na nyufa huanzia hapo pia. Ukikuta kijitobo pembeni, huenda mtu alitoboa mwisho wa ufa ili usiendelee.

Bei sasa. Krashi mpya ya aina hii inazunguka dola 300 hivi Marekani, na kwa hesabu yangu, usafiri na kodi mpaka ifike Dodoma inakaribia milioni. Iliyotumika ikiwa nzima, yenye wino au isiyo na wino, nusu ya hapo ni haki, kwa hiyo 480,000 ingekuwa bei nzuri tu. Iliyokatwa vizuri na muuzaji akasema wazi, mimi ningetoa 150,000 kwa sababu bado inapigika, ingawa sauti imepanda juu na si ya inchi 18 tena. Yenye ufa unaotembea, kama hili letu, ni ya mazoezi, na thamani yake inakaribia ile ya shaba chakavu.

Dalali huyohuyo alinionyesha pia haiheti za inchi 14 zenye jina la Zildjian kwa wino mweusi mzito, mhuri hakuna kabisa kwenye chuma, rangi ya njano ya bomba la maji, na mlio uliokatika mara moja. Hizo ni shaba ya zinki zisizo na jina, zimechapwa jina la watu. Aliomba 350,000. Sikununua, lakini nasikia bado ziko sokoni.

Nilimpigia simu kuhusu krashi, akasema bidhaa iliyotumika hairudishwi, kisha akaacha kupokea. Toazi ninalo hapa Nkuhungu. Anayetaka kushika ukingo uliokatwa na kusikia ile sehemu kavu kwa masikio yake, tunafanya mazoezi kila Jumamosi saa kumi jioni, aniandikie nimwelekeze. Aje na futi yake, tupime pamoja na toazi letu la raidi ambalo ni zima, aone tofauti ya ukingo.