Uzoefu wangu: picha ya iliki iliyokataliwa mara tatu kwenye Google Merchant Center

Nauza viungo hapa Tanga mjini. Iliki, mdalasini na pilipili manga navitoa Amani, huko Muheza, navipaki kwenye chupa za gramu 100 nyumbani Ngamiani. Tovuti ya duka ninayo, na bidhaa zangu nimeziunganisha na Merchant Center ili mtu akitafuta iliki kwenye Google aone chupa yangu na bei yake. Nimetumia huduma hii kwa muda wa kutosha kuisemea, ila leo nazungumzia jambo moja tu lililonila wiki nzima, nalo ni picha kuu ya bidhaa.

Picha kuu ndiyo ile ya kwanza, ambayo kwenye orodha ya bidhaa inakaa kwenye `image_link`. Sheria yake haina mlango wa nyuma: hakuna maandishi ya matangazo juu ya picha, hakuna fremu, hakuna alama ya maji, yaani jina au nembo hafifu iliyopitishwa juu ya picha. Mimi picha yangu ya iliki ilikuwa na vyote vitatu.

Niliipiga studio moja hapa mjini. Yule kijana ana jicho zuri, chupa ilitoka inang'aa na punje za iliki unazihesabu. Akaizungushia fremu ya kijani, chini akaandika PUNGUZO 20% na namba yangu ya simu, na katikati akapitisha jina la studio yake kwa herufi nyeupe hafifu. Kwa kuweka kwenye stetasi ya WhatsApp, picha ile ilikuwa imekamilika. Nikaipakia, na siku iliyofuata bidhaa ikawa imekataliwa kwa ujumbe huu: `Promotional overlay on image`.

Mara ya kwanza niliielewa nusu. Nikadhani shida ni neno punguzo, nikachukua simu nikalifunika pamoja na namba kwa kiboksi cheupe, nikarudisha. Ikakataliwa. Kiboksi chenyewe ni kitu kilichobandikwa juu ya picha, na fremu bado ilikuwepo. Mara ya pili nikaikata picha pande zote nne mpaka fremu ikaisha. Ikakataliwa tena, na hapo nikakaa chini kuikagua kwa utulivu.

Nilichofanya ni kuifungua kwenye simu, kupandisha kontrasti hadi mwisho na kuivuta chupa ijae kioo. Jina la studio likajitokeza, limepita juu ya lebo kutoka bega la chupa hadi kitako. Kwa macho ya kawaida nilikuwa nimeshalizoea, silioni. Nikaiweka picha hiyo hiyo juu ya ukurasa mweusi, nikagundua na jambo la pili: upande wa kushoto umebaki uzi mwembamba wa kijani, mabaki ya fremu. Tangu siku hiyo kila picha naipitisha kwenye majaribio hayo mawili kabla ya kuipakia. Kontrasti inafichua alama ya maji, na ukurasa mweusi unafichua fremu, hata ile nyeupe ambayo juu ya ukurasa mweupe huwezi kuiona kabisa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wauzaji wenzangu, nao huniuliza sana: je, na lebo ya chupa nayo ifutwe? Hapana. Lebo yangu imeandikwa jina la duka, neno Iliki na gramu 100, na maandishi hayo yanaruhusiwa kwa sababu yamechapishwa kwenye bidhaa yenyewe. Mteja akipokea chupa atayakuta. Kinachokatazwa ni maandishi yaliyoongezwa juu ya picha baada ya kupigwa. Mimi najiuliza swali moja tu: nikiishika chupa mkononi, neno hili lipo? Kama halipo, litoke.

Sasa alama ya maji inayopita juu ya lebo ndiyo ngumu kuliko zote. Nilijaribu kuifuta kwa kidole kwenye programu ya kuhariri picha, neno Iliki likabaki kama limelowa maji. Usihangaike na njia hiyo. Inaharibu lebo, na zaidi ya hapo picha ni kazi ya mtu, kumfutia jina lake bila ruhusa si haki. Nikarudi studio.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "naomba faili la asili, kabla hujaweka nembo."

"Dada, nembo ndiyo inayoniletea wateja."

"Naijua. Kwenye tovuti yangu nitaandika chini kwamba picha umepiga wewe, na linki yako nitaweka. Lakini juu ya picha wataikataa."

Akakubali, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akanitumia kwa WhatsApp, ikafika imeminywa, pikseli zimepungua sana. Nikamwomba aitume upya kama hati, si kama picha, ndipo ikaja na ukubwa wake kamili. Hili usilidharau, kwa sababu ukikata fremu kwenye picha iliyokwisha kuminywa unabaki na kipande kidogo kisichofaa kitu.

Faili la asili nikalikata liwe mraba wa pikseli 1500 kwa 1500, chupa katikati, ikichukua kama asilimia 80 ya picha. Google wanashauri bidhaa ijaze kati ya asilimia 75 na 90. Nyuma ilikuwa karatasi ya manila nyeupe, nikaiacha hivyo hivyo na kivuli chake kidogo. Ila kama unauza Amazon, hapo utabanwa zaidi. Kwao nyuma ya picha kuu inatakiwa iwe nyeupe tupu, yaani 255, 255, 255 kwa namba za rangi za RGB, na bidhaa ijaze angalau asilimia 85.

Kosa langu la mwisho lilikuwa la jina la faili. Picha safi niliipandisha kwa jina lile lile la `iliki.jpg`, nikasubiri, na Merchant Center ikaendelea kuonyesha ile ya zamani, kwa kuwa linki haikubadilika na mtambo wa Google ulikuwa haujapita kuichukua upya. Nikaiita `iliki-100g-2.jpg`, nikaweka linki mpya kwenye `image_link`, na baada ya siku mbili bidhaa ikakubaliwa.

Na lile punguzo? Sikulitupa. Bei ya kawaida ipo kwenye `price` na bei ya punguzo nimeiweka kwenye `sale_price`, ambako ndiko mahali pake. Picha ya iliki ikiwa kwenye sufuria ya pilau imekwenda kwenye `additional_image_link`, maana picha za ziada zinaruhusiwa kuonyesha bidhaa ikitumika.

Tathmini yangu: sheria yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote. Chupa zangu zikipangwa na za wengine sasa mtu anaona iliki, haoni namba za simu. Studio nayo sijaihama. Nikienda namwambia kijana kabla hajawasha taa kwamba nataka seti mbili za kila bidhaa, moja ya stetasi yenye fremu na nembo yake, na moja tupu, itumwe kama hati. Wiki iliyopita tumepiga mdalasini na pilipili manga kwa mtindo huo, na zote mbili zimepita mara ya kwanza.