Kuhesabu mapigo kwenye mkanda wa ECG: 300 au sekunde 6?

Wanafunzi wengi kwenye wadi za moyo hapa Nairobi hukimbilia njia ya 300: unahesabu visanduku vikubwa vya karatasi kati ya ncha mbili za R, yaani vilele virefu vya kila pigo, kisha unagawa 300 kwa idadi hiyo. Visanduku 4, mapigo 75 kwa dakika. Ni ya haraka, na mdundo ukiwa sawasawa, mimi pia naitumia.

Shida huanza ncha zinaporukaruka. Juzi mwanafunzi aliniletea mkanda wa mama mmoja, akasema, "Sista, ni 150." Alikuwa amepima visanduku 2. Nikamwonyesha pengo lililofuata: visanduku 4, yaani 75. Mama ni yuleyule! Mawimbi ya P, yale madogo yanayotangulia R, hayakuwepo, mstari ulitetemeka tu. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vikipapatika.

Hapo tumia sekunde 6. Hesabu visanduku vikubwa 30, kisha ncha za R zilizomo, zidisha kwa 10. Tulipata 11, hivyo wastani 110. Mkononi tulihesabu 92, kwani mapigo mengine hayafiki kwenye kifundo cha mkono.

Njia zote mbili zinadai karatasi iende milimita 25 kwa sekunde. Soma pembeni: 25 mm/s.