Uzoefu wangu na kebo ya konsoli ya USB: swichi inaandika, kibodi imenyamaza

Kebo hii niliinunua kwa ajili ya swichi moja, Catalyst 2960-X ya Cisco, mpya iliyokuwa bado na nailoni zake. Haikuwa na anwani ya IP wala nywila, na mimi swichi ya namna hiyo huianza kwenye poti ya konsoli, nione kila kinachoandikwa tangu inapowashwa. Laptopu za siku hizi hazina ile poti ya seriali ya pini tisa, kwa hiyo katikati lazima pawe na kifaa cha kugeuza USB kuwa seriali.

Kabla ya hii nilikuwa na adapta nyingine, ile fupi yenye pini tisa inayounganishwa na kebo bapa ya konsoli. Kwenye Windows iliniletea ujumbe wa `This device cannot start. (Code 10)`, na kila nilipobadilisha draiva ilifanya kazi siku mbili kisha ikarudia. Hii mpya ni kebo moja isiyo na viungio: upande mmoja USB, upande wa pili plagi ya RJ45 inayoingia moja kwa moja kwenye konsoli. Chipu yake ni FT232R ya FTDI, na hiyo ndiyo sababu niliichagua, maana Linux huitambua bila kuongeza chochote. Nilipoichomeka, `dmesg` ilinipa mstari huu:

```
FTDI USB Serial Device converter now attached to ttyUSB0
```

Hapo nikajua laptopu imeiona kebo. Kilichofuata kilikuwa kukataliwa ruhusa ya kufungua `/dev/ttyUSB0`, jambo la kawaida kwenye Ubuntu, kwa sababu vifaa hivyo ni vya kundi la `dialout`. Nilijiongeza kwenye kundi, nikatoka kwenye akaunti na kuingia tena. Amri ni hii:

```
sudo usermod -aG dialout $USER
```

Upande wa swichi nilikuwa makini na tundu. Poti ya menejimenti ina umbo lile lile la RJ45, na ukiichomeka kebo huko skrini itabaki tupu hata ungekuwa na mipangilio sahihi kuliko yote. Soma maandishi yaliyo juu ya tundu kabla ya kuanza kuilaumu kebo.

Nikafungua minicom, programu ya kuzungumza na poti ya seriali, kwa kasi ya 9600, ambayo ndiyo kasi ya kiwandani ya konsoli ya Catalyst hii, kisha nikaichomeka swichi kwenye umeme. Maandishi yakaanza kushuka, safi, kila herufi mahali pake. Nilifurahi sana. Baada ya dakika chache likaja swali la kwanza:

```
Would you like to enter the initial configuration dialog? [yes/no]:
```

Nikaandika `no`, nikabonyeza Enter. Hakuna kitu. Hata ile `n` haikuonekana. Nikabonyeza Enter mara kumi, nikabadilisha tundu la USB, nikaizima swichi na kuiwasha upya. Mambo yakawa yale yale: swichi inaniandikia vizuri, mimi siwezi kuijibu.

Dalili hii inafaa kusomwa vizuri kwa sababu inaondoa mashaka mengi kwa mara moja. Kama herufi zinasomeka, basi kasi ni sahihi, waya wa kupokea ni mzima na tundu ni lenyewe. Kinachobaki ni upande wa kutuma. Mimi nilikimbilia kudhani kwamba waya wa kutuma umekatika ndani ya kebo, nikaamua kuipima peke yake kabla ya kuirudisha dukani.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kwenye plagi ya konsoli ya mtindo huu, data huenda na kurudi kwenye pini ya 3 na ya 6. Nilichukua soketi ya mtandao ya ukutani ambayo haijafungwa popote, nikabana kipande cha waya kama urefu wa kidole gumba kutoka nafasi ya 3 hadi ya 6, kisha nikaichomeka kebo humo. Sasa kila ninachotuma kinapaswa kunirudia na kuonekana kwenye skrini. Nikarudi kwenye minicom, nikaandika. Kimya. Nikaona basi, kebo ni mbovu.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa na picocom pia, nikaijaribu kabla ya kuifungasha kebo:

```
picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0
```

Nikaandika `abc`, ikatokea `abc`. Nikaichomoa soketi, nikaandika tena, hakuna kilichotokea. Nikairudisha, herufi zikarudi. Kwa hiyo waya wa kutuma ulikuwa mzima muda wote. Kebo ni ile ile, laptopu ni ile ile, kasi ni ile ile. Tofauti ilikuwa programu peke yake.

Nikaanza kulinganisha mipangilio ya programu hizo mbili. Zote zilikuwa na 9600, biti 8 za data, hakuna pariti, biti moja ya kusimama. Tofauti ilikuwa kwenye udhibiti wa mtiririko. Picocom huanza bila udhibiti wowote. Minicom kwenye laptopu yangu ilikuwa imeandika `Hardware Flow Control : Yes`.

Udhibiti huo unatumia waya za ziada. Kabla ya kutuma, laptopu hutazama waya unaoitwa CTS, ambao upande wa pili huutumia kusema "niko tayari, tuma". Mchoro uliokuja na kebo yangu unaonyesha waya tatu tu zilizounganishwa: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Waya wa CTS haupo kabisa. Minicom ilikuwa inangoja ruhusa ambayo haingekuja kamwe, na herufi zangu zikabaki zimezuiwa ndani ya laptopu bila kufika hata kwenye plagi. Ndiyo maana hata soketi yangu ya majaribio ilinyamaza. Kupokea hakuhitaji ruhusa hiyo, kwa hiyo maandishi ya swichi yaliendelea kuingia kama kawaida.

Tiba ilikuwa kufungua `sudo minicom -s`, kuingia kwenye `Serial port setup`, kubonyeza F ili `Yes` iwe `No`, kisha kuhifadhi kwa `Save setup as dfl`. Nikarudi kwenye swichi, nikaandika `no`, na baada ya muda mfupi nikapata `Switch>`. Amri ya kwanza niliyoiandika ilikuwa `enable`, ya pili `show version`.

Anayetumia PuTTY kwenye Windows naye aangalie jambo hili. Namba ya poti utaipata kwenye Device Manager, kwangu ilikuwa COM3, na kasi ya 9600 tayari imeandikwa. Lakini ndani ya `Connection`, kisha `Serial`, sehemu ya `Flow control` huja ikiwa `XON/XOFF`. Huo ni udhibiti wa aina nyingine, hautumii waya bali herufi maalumu, kwa hiyo mara nyingi hautakuzuia kuandika. Hata hivyo mimi huweka `None`, maana herufi moja ya kusimamisha ikipita kwa bahati mbaya, mazungumzo hugandishwa na unaweza kudhani swichi imekwama.

Kuna sababu nyingine ya dalili hiyo hiyo ambayo nisingependa ikupotezee muda. Catalyst 2960-X ina poti ya pili ya konsoli, ile ndogo ya USB mini-B. Swichi huandika kwenye zote mbili, ila husikiliza moja tu, na ile ya USB ndiyo hupewa kipaumbele. Kama kuna mwenzako aliyeacha kebo yake kwenye mini-B na laptopu yake imeunganishwa, wewe uliye kwenye RJ45 utasoma kila kitu bila kuweza kuandika. Tazama poti hiyo kwanza, ni kazi ya sekunde moja.

Kuhusu kasi, kebo yangu haijanisumbua hata kidogo, lakini mimi mwenyewe nilikosea nilipoiunganisha wiki iliyofuata na swichi ya mtengenezaji mwingine. Skrini ilijaa alama za ajabu na vimraba. Hiyo ni dalili ya kasi tofauti, na tofauti yake na ukimya ni muhimu: takataka maana yake waya zinafanya kazi. Kwa 9600 kila biti huchukua kama mikrosekunde 104, na kwa 115200 huchukua karibu 8.7, yaani mara 12 pungufu. Laptopu ikisoma kwa mwendo usio wake, hukata herufi mahali pasipo pake. Swichi ile ilikuwa ya 115200. Huna haja ya kuizima. Badilisha kasi kwenye programu, bonyeza Enter, utazame. Mimi hujaribu 9600, halafu 115200, halafu 38400, ambayo ni kasi ya kiwandani ya swichi za JetStream za TP-Link. Na usisahau hiyo Enter: swichi iliyokwisha kuwaka haikuandikii kitu mpaka uiamshe, na wengi huuchukulia ukimya huo kuwa hitilafu.

Sasa maoni yangu kuhusu kebo yenyewe. Chipu ni nzuri, haijaniangusha kwenye Linux wala Windows, na kutokuwa na kiungio katikati kumeniondolea ile hali ya adapta kulegea na kukata mazungumzo. Urefu wa mita 1.8 unatosha kuweka laptopu mezani huku swichi iko kwenye raki, ila kwa raki refu nililazimika kuishika laptopu mkononi. Haina taa za kuonyesha data ikipita, na hilo limeniudhi, kwa sababu taa moja ya kutuma ingenionyesha siku ile ile ya kwanza kwamba hakuna kinachotoka kwenye laptopu. Muuzaji naye alipaswa kuandika nje ya pakiti kwamba kebo ni ya waya tatu; mchoro niliuona nilipokuwa nimeshahangaika saa mbili. Kama una kifaa ambacho ni lazima kitumie udhibiti wa mtiririko kwa waya, usinunue hii. Kwa konsoli ya swichi inatosha kabisa, na ningeinunua tena.

Ile soketi yenye kipande cha waya kati ya 3 na 6 sikuitupa. Nimeifunga kwa utepe kwenye kebo, na kila ninapotoka kwenda kuwasha swichi mpya huichomeka kwanza, naandika `abc`, ndipo naenda kwenye raki.