Vitabu vitatu vya kutuliza akili kwa mtu asiyepata usingizi

Mimi si mtu wa kuamini jalada. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, Kigoma, na kila siku nauza rangi ambayo kopo lake linasema haipauki milele. Kwa hiyo kitabu kikiniambia nitalala fofofo ndani ya wiki moja, nakisoma kama ninavyosoma lile kopo.

Tatizo langu ni la siku nyingi. Usingizi unakuja mapema, unakatika saa nane usiku, halafu nabaki nikigeuka ndani ya neti hadi adhana ya alfajiri. Nimesoma vitabu vitatu vinavyofundisha kutuliza akili kwa kuzingatia kinachoendelea sasa hivi, vyote vya Kiingereza, na sikuvipenda kwa kiwango kimoja.

Cha kwanza sitakitaja. Ndicho chenye ahadi kubwa, na ndicho kilichonifaa kidogo kuliko vyote. Kinakuelekeza ulale chali kitandani, uhesabu pumzi, na uendelee mpaka usingizi uje. Shida iko hapo kwenye “mpaka”. Ukishaambiwa kwamba pumzi inaleta usingizi, kila baada ya pumzi kadhaa unachungulia kama umefika. Haujafika. Unavuta pumzi kwa bidii zaidi, moyo unaanza kwenda mbio, na kile kitanda kinageuka chumba cha mtihani. Mwandishi haelezi popote ufanye nini zoezi likigoma. Hasemi pia ni nani asilifuate.

Cha pili ni cha Jon Kabat-Zinn, Full Catastrophe Living, kilichotoka mwaka 1990. Huyu bwana alianzisha mafunzo yake mwaka 1979 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu na msongo wa mawazo. Ni kitabu kinene, na kuna sehemu zinazozunguka mno. Lakini kina uungwana ambao sikuutegemea, kwa sababu zoezi lake kubwa halidai kuwa dawa ya usingizi. Unalala chini, unapitisha akili mwilini polepole kuanzia vidole vya mguu wa kushoto, unapanda kiungo kwa kiungo hadi kichwani, kama dakika 45. Lengo, anasema, ni kuwa macho kweli kweli, siyo kusinzia. Nililifanya mchana, juu ya mkeka, baada ya kufunga duka kwa chakula. Lilinilegeza mabega, na jioni sikuwa mkali kwa watoto. Usiku saa nane niliamka kama kawaida. Silalamiki, maana hakuniahidi vinginevyo.

Cha tatu ndicho ninachokirudia. Kimeandikwa na Jason Ong, kilitoka mwaka 2016, na jina lake ni Mindfulness-Based Therapy for Insomnia. Tahadhari mapema: kiliandikwa kwa ajili ya watoa tiba, hivyo ni kikavu, na kuna kurasa utakazoziruka. Mpwa wangu aliyeniletea kutoka Dar aliuliza kama nataka kufungua zahanati.

Ong anagawa kukosa usingizi katika tabaka mbili. La kwanza ni mawazo yenyewe yanayofukuza usingizi: deni, mtoto anayeumwa, hata lile la “sasa ni saa tisa, kesho nitakuwa hoi, nitakosea hesabu.” La pili ni namna unavyoyachukulia mawazo hayo: kuyashikilia, kuyaogopa, kupigana nayo ili ulale. Kutuliza akili kunafanya kazi hasa kwenye hili la pili. Hakukuletei usingizi, kunakupunguzia vita na kukesha. Yeye mwenyewe anajua hilo halitoshi, ndiyo maana analiunganisha na njia ya zamani kidogo ya kupunguza muda wa kukaa kitandani, ambayo Arthur Spielman na wenzake waliichapisha mwaka 1987.

Nieleze kwa hesabu zangu. Niliweka daftari kando ya kitanda, nikawa najaza asubuhi kwa makadirio, bila kutazama saa usiku. Wastani ulionyesha kwamba napanda kitandani saa 3 usiku, naondoka saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 9. Usingizi wenyewe ulikuwa kama masaa 5 na nusu. Gawanya, unapata asilimia 61. Maana yake zaidi ya theluthi ya muda wangu kitandani nilikuwa nafanya mazoezi ya kukesha, na mwili ulishazoea kwamba kitandani ni mahali pa kuwaza.

Basi unakipa kitanda muda unaolingana na usingizi ulionao. Kwangu ilikuwa kulala saa 6 na nusu usiku na kuamka saa 12 asubuhi, hata Jumapili. Chini ya masaa 5 hivi haishauriwi kushuka. Wiki ya kwanza ni mateso, na sipambi neno. Mke wangu alinikuta sebuleni nimekaa wima usiku mkubwa, akasema, “Baba Zawadi, umeajiriwa ulinzi siku hizi?” Ukifika wiki nzima ambayo umelala asilimia 85 au zaidi ya muda uliojipa, unaongeza dakika 15. Nilipofikia kulala masaa 5 kati ya 5 na nusu, yaani asilimia 91, nikahamia saa 6 na robo. Ikishuka kidogo chini ya 85, unabaki hapo hapo.

Ndani ya kungoja huko ndiko mazoezi ya akili yanapoingia. Ong anakufundisha kutofautisha uchovu na usingizi. Mchovu ana mwili mzito lakini kichwa kinakimbia. Mwenye usingizi kope zinashuka na kichwa kinaanguka chenyewe. Unakwenda kitandani kwa dalili za huyu wa pili tu. Nikiamka saa nane na kuanza kubishana na usingizi, natoka. Nakaa kwenye kiti, nasikia nyayo kwenye saruji, hilo baridi lake. Wazo likija najisemea, “nawaza deni la nondo,” basi, silifukuzi wala silifuati. Kope zikilegea narudi ndani.

Kuhusu ushahidi, utafiti wa Ong wa mwaka 2014 ulikuwa na watu 54 tu, na baada ya miezi 6 nusu ya waliopata mchanganyiko huu ndio walihesabiwa kuwa wamepona tatizo. Nusu. Mwandishi anayekuonyesha na ile nusu nyingine namwamini kuliko yule wa siku saba.

Mimi bado naamka saa nane usiku mara kwa mara. Ila kukaa macho kumefupika, na nimeacha ile hesabu ya masaa yaliyobaki kabla ya kupambazuka, ambayo ndiyo iliyokuwa inanimaliza.

Ukitaka kimoja tu, na Kiingereza chako kinatosha, chukua cha Ong. Kama usingizi haukusumbui sana ila una msongo, Kabat-Zinn anatosha. Lakini mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa akili unaopandisha hisia zake mno kisha kuzishusha mno, asijipunguzie muda wa kitanda bila daktari, kwa kuwa kukosa usingizi kunaweza kuamsha maradhi yote mawili. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini aende hospitali kwanza; hicho si kitu cha kutibiwa na kitabu. Na dereva wa basi la Kasulu, au kijana wa bodaboda, asianze ile wiki ya kwanza akiwa barabarani. Asubiri likizo.